Barua ya kliniki ya macho niliyoiacha siku 9 bila kuifungua

Barua ile ilikaa juu ya kabati siku 9. Nilijua imetoka wapi, maana bahasha ilikuwa na jina la kliniki ya macho, na nilijua pia nina miezi 14 sijakanyaga pale. Nilikuwa nimepangiwa kurudi baada ya miezi 4. Kila nilipopita karibu na kabati nilijiambia nitaifungua jioni, na jioni ikifika nilijiambia kesho.

Aliyeifungua ni mdogo wangu wa kiume. Alikuja kunitembelea, akaiona, akauliza, "Dada, hii mbona hujaisoma?" Sikuwa na jibu. Akaichana, akaanza kuisoma kwa sauti.

Kabla sijaeleza iliandikwa nini, nirudi nyuma kidogo. Miaka miwili iliyopita, nikiwa na miaka 51, nilikwenda kutafuta miwani ya kusomea. Nilidhani nitatoka na miwani tu. Walipopima presha ya macho, jicho la kulia lilikuwa 28 na la kushoto 24, wakati kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21. Daktari akaangalia nyuma ya jicho kwa taa, kisha nikawekwa kwenye mashine ya kubonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga. Nikaambiwa nina glakoma. Kwa kuwa watu wengi huiita presha ya macho, nilimjibu daktari kwamba presha yangu haina shida, napima kila mara. Akanieleza kwamba presha ya damu ni kitu kingine kabisa. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Njia ya kutokea ikizibaziba, maji yanazidi, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unaumia polepole.

Nilipewa matone ya kuweka kila usiku. Baada ya wiki 6 presha ilishuka hadi 17 na 16. Daktari akasema, "Hapo pazuri. Tuonane baada ya miezi 4."

Kosa langu lilianzia hapo. Niliposikia "hapo pazuri" nilielewa kwamba nimepona. Daktari alimaanisha kwamba dawa inafanya kazi, maadamu naitumia.

Miadi ya kwanza niliikosa kwa sababu ya kazi. Mimi ni mhasibu, na siku ile iliangukia katikati ya kufunga hesabu za mwaka. Nilisema nitapiga simu kupanga upya, sikupiga. Ya pili sikuipata kabisa, kwa sababu ujumbe ulikwenda kwenye namba ya simu niliyokwisha kuiacha, na sikuwa nimewaambia. Matone nayo yalikuwa yananifanya niamke na macho mekundu, hata watu wakaniuliza kama nimelala. Nikaanza kuruka usiku mmoja, kisha usiku miwili. Mwishowe niliacha kabisa, chupa ya mwisho ikiwa imebaki nusu.

Na hakuna kilichobadilika. Hilo ndilo lililonidanganya kuliko yote. Sikusikia maumivu wala kuona ukungu. Katikati ya kipindi hicho nilibadilisha miwani, nikasoma herufi zote ubaoni mpaka mstari wa chini. Nikalichukua kama ushahidi kwamba macho yangu ni mazima. Sikujua kwamba ule ubao unapima sehemu ya katikati tu ya kuona, na glakoma ya aina yangu kwa kawaida huanza kula pembeni na kuiacha katikati mpaka mwisho. Mtu anaweza kusoma mstari wa chini huku amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya pembeni.

Sasa barua. Nainakili karibu yote, nimeondoa tu jina langu, namba ya faili na namba za simu.

"Ndugu mgonjwa wetu,

Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba hukufika kwenye miadi yako miwili ya glakoma, na kwamba hatujakuona kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tunakuandikia kwa sababu tuna wasiwasi na macho yako. Hatukulaumu. Watu hukosa miadi kwa sababu nyingi, na ukituambia sababu yako huenda tukaweza kusaidia.

Glakoma huharibu mshipa wa fahamu wa jicho bila maumivu. Unaweza kujiona uko sawa wakati uharibifu unaendelea. Kilichopotea hakirudi, si kwa dawa, si kwa miwani, si kwa upasuaji. Matibabu yanaweza kulinda kile kilichobaki. Kwa hiyo kila mwezi unaopita bila kupimwa ni mwezi ambao sisi na wewe hatujui kinachotokea.

Tafadhali piga simu kwenye namba iliyo chini ndani ya siku 14. Taja namba ya faili yako na useme umepata barua ya glakoma. Utaulizwa kama bado unatumia matone. Tafadhali sema ukweli, hata kama uliacha. Kama matone yameisha, usisubiri siku ya miadi, tuambie kwenye simu.

Siku ya kuja, leta chupa zote za matone unazotumia, orodha ya dawa zako nyingine, na miwani yako. Huenda tukatanua mboni, kwa hiyo usije ukiendesha gari mwenyewe.

Kama unatibiwa kwingine, tufahamishe ili tupeleke kumbukumbu zako huko. Tusipopata jibu, faili lako litafungwa na utahitaji rufaa mpya.

Ukipata maumivu makali ya jicho, jicho jekundu lenye ukungu, duara za rangi kuzunguka taa, au kichefuchefu pamoja na maumivu ya jicho, usisubiri miadi. Nenda kwenye huduma ya dharura siku hiyo hiyo.

Kama una ndugu wa tumbo moja, wazazi au watoto wazima, waeleze kwamba na wao wanahitaji kupimwa glakoma."

Mdogo wangu alipofika kwenye sentensi ile ya mwisho akanyamaza. Mama yetu alifariki akiwa haoni. Sisi tulisema ni uzee, baadaye tukasema ni mtoto wa jicho, na hatukumpeleka popote mpaka alipokuwa anashika ukuta kwenda chooni. Sitajua kamwe ilikuwa nini. Lakini mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Glakoma haiko hivyo, na nadhani kuyachanganya haya mawili kumewaponza watu wengi, kwa sababu anayedhani ana mtoto wa jicho husema atakwenda kutibiwa litakapokomaa.

Baada ya mdogo wangu kuondoka niliiweka barua mezani mbele yangu. Jina la kliniki lilikuwa limechapwa kwa wino wa bluu kwenye kona ya juu kushoto. Nikakazia macho katikati ya karatasi, nikaziba jicho la kulia kwa kiganja. Kwa jicho la kushoto ile rangi ya bluu ilikuwepo, sikuweza kuisoma lakini niliiona iko pale. Nikaziba la kushoto, nikaangalia kwa la kulia. Kona ile ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na doa jeusi kama nilivyokuwa nikiwazia upofu. Palikuwa na karatasi tupu. Nikafungua macho yote mawili, bluu ikarudi.

Nilirudia kama mara kumi. Mikono ilinitetemeka. Ndipo nilipoelewa kwa nini sikuwa nimehisi kitu. Jicho la kushoto lilikuwa linaziba pengo la la kulia, na ubongo ulikuwa unajaza palipobaki. Lakini hicho nilichokifanya si kipimo. Ukijaribu na ukaona kila kitu, haina maana uko salama, kwa sababu mashine hugundua mapengo ambayo mtu hawezi kuyagundua mezani kwake.

Kesho yake nilipiga simu, na hapo nikafanya kosa jingine. Kwa aibu sikutaja barua. Nilisema tu, "Naomba miadi ya macho." Dada wa mapokezi akanipa tarehe ya zaidi ya miezi 3 mbele, kwenye foleni ya watu wa kawaida, wengine wanaokuja kwa miwani. Hakukosea, alinipa kile nilichoomba. Nilikata simu nikakaa nayo mkononi, kisha nikapiga tena. Safari hii niliishika barua na kusema hivi: "Nina glakoma macho yote mawili. Nimepata barua ya kukosa miadi, namba ya faili ni hii. Nina miezi 14 sijapimwa, na matone niliacha kama miezi 5 iliyopita." Sauti ya upande wa pili ilibadilika. Akasema, "Subiri kidogo, mama," akaenda kumwita muuguzi wa glakoma.

Muuguzi aliniuliza maswali machache tu. Nilitumia matone gani, niliacha lini, kwa nini, kama nina pumu au tatizo la moyo. Hili la pumu aliuliza kwa sababu kuna aina ya matone ya presha ya macho yanayoweza kumbana kifua mwenye pumu, au kupunguza mapigo ya moyo. Watu hudhani tone la jicho linabaki jichoni. Sehemu yake hushuka puani na kuingia kwenye damu.

Nikamwambia nina chupa ya zamani kwenye droo, iliyobaki nusu, nianze nayo usiku huu. Akaniambia niitupe. Matone yangu yakifunguliwa hutumika kama wiki 4 tu, baada ya hapo yanaweza kuingia vijidudu. Akaenda kumuuliza daktari, akanipigia baada ya saa moja. Nichukue chupa mpya, nianze usiku ule ule, niandike tarehe niliyoanza, na niende baada ya siku 12. Aliniomba pia namba ya simu ya mtu mwingine wa karibu, nikampa ya mdogo wangu.

Siku ya miadi presha yangu ilikuwa 18 kulia na 16 kushoto. Hizi namba nataka uzitazame vizuri, kwa sababu ndizo zilizonifanya niandike haya yote. Ukiziangalia peke yake, utasema huyu mgonjwa yuko sawa, yuko karibu pale pale alipoachwa. Presha hushuka ndani ya siku chache baada ya kurudia matone. Haisemi chochote kuhusu ile miezi 5 kabla yake.

Kisha nikaenda kwenye mashine ya nukta. Kwa asiyeijua: unaziba jicho moja, unakazia taa moja ya katikati, na nukta hafifu zinawaka huku na huku. Unabonyeza unapoiona. Nyingi huwezi kuziona hata ukiwa mzima, mashine imepangwa hivyo kutafuta mpaka wa uwezo wako, kwa hiyo usihangaike wala usikimbize nukta kwa macho. Ukichoka, bonyeza kitufe ukakishikilia au mwambie anayekupima akupumzishe, ni bora kuliko kubahatisha. Mimi mara ya kwanza miaka miwili nyuma nilibahatisha, nikidhani ni mtihani wa kufaulu.

Daktari aliweka karatasi mbili kando kando, ya zamani na ya leo. Kwenye ile ya zamani jicho la kulia lilikuwa na kivuli kidogo cha kijivu upande wa juu karibu na pua. Kwenye ya leo kivuli kilikuwa cheusi na kimetambaa kuelekea katikati. Kilikuwa pale pale ilipopotea ile bluu ya barua.

Akaniuliza, "Matone umekuwa ukitumia?"

Nilikuwa nimeshajibu kwenye simu, lakini kujibu mbele ya ile karatasi kulikuwa kugumu zaidi. Nikasema, "Hapana, daktari. Miezi 5 sikuweka hata tone, na kabla ya hapo nilikuwa naruka."

Akashusha pumzi. Akaniambia kwamba wagonjwa wengi huanza tena matone siku tatu nne kabla ya kuja, kisha wanasema hawajaacha. Anachoona yeye ni presha nzuri na mshipa uliozidi kuharibika. Kwa hesabu hiyo anahitimisha kwamba dawa haitoshi, au kwamba mshipa wa mtu huyu hauvumilii hata presha ya 18. Anaongeza dawa ya pili, ya tatu, au anaanza kuzungumzia upasuaji, kwa mtu ambaye angetosheka na dawa ile ile moja akiitumia. "Ukinificha," akasema, "naishia kutibu mtu mwingine ambaye si wewe."

Hakuamua kila kitu siku ile. Alitaka nirudie kipimo cha nukta baada ya wiki 6, kwa kuwa kipimo kimoja kinaweza kuharibiwa na uchovu. Niliporudi, kivuli kilikuwa pale pale. Presha 17 na 15. Hapo ndipo akabadilisha lengo, akataka jicho la kulia liwe chini ya 15, kwa maelezo kwamba mshipa ukishaumia unahitaji presha ya chini zaidi kuliko ule ambao bado una akiba. Alinipa njia mbili, kuongeza tone la pili au kupigwa leza kwenye njia ya kutokea maji. Akanionya kwamba leza haiponyi, na nguvu yake inaweza kupungua baada ya miaka kadhaa. Nilichagua leza kwa jicho la kulia, nikaendelea na tone la usiku kwa yote mawili. Ilichukua dakika chache, na sikusikia zaidi ya kama kijisindano. Kipimo cha baadaye kilisema 14.

Kile cheusi hakikurudi kuwa cheupe na hakitarudi. Nimejifunza kugeuza kichwa ninaposhuka ngazi na ninapovuka barabara. Kuna siku nalia, hasa nikikumbuka kwamba sababu zangu zilikuwa hesabu za mwaka na macho mekundu.

Kuhusu ule wekundu, nilipomwambia muuguzi alinionyesha kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa namna ninavyoweka dawa. Nilikuwa natia matone mawili matatu kila jicho nikidhani ndiyo usalama. Jicho linabeba tone moja tu, mengine yanamwagika shavuni na kuwasha ngozi, na chupa inaisha kabla ya mwezi. Sasa navuta chini kope ya chini, naweka tone moja, nafumba jicho bila kulikaza, nabonyeza kwa kidole kwenye kona iliyo karibu na pua kwa dakika 2. Napangusa kilichomwagika. Wekundu upo lakini umepungua sana. Kama ungebaki vile vile, angenibadilishia dawa, kumbe nilichohitaji kufanya miaka ile ilikuwa kusema tu. Anayetumia aina mbili za matone aache dakika 5 kati ya tone moja na jingine, la sivyo la pili linaliosha la kwanza.

Siondoki tena kliniki bila tarehe inayofuata kuandikwa kwenye kadi. Ikigongana na kazi, napiga simu kabla ya siku yenyewe na siweki simu chini mpaka nipewe tarehe nyingine. Na chupa naiandika kwa kalamu siku niliyoifungua.

Mdogo wangu alikwenda kupimwa mwezi uliofuata. Presha yake ilikuwa 19 macho yote mawili, akanipigia akifurahi. Nilimwambia asitoke kwanza, aulize kuhusu mshipa, maana wapo wenye presha ya kawaida na glakoma wanayo. Daktari alipoangalia kwa taa akaona mshipa wa jicho moja una shimo kubwa kuliko wa jicho la pili. Amepangiwa mashine ya nukta Alhamisi ijayo, saa 3 asubuhi. Nimeomba ruhusa kazini, nitakwenda naye, kwa sababu akitanuliwa mboni hataweza kuendesha gari kurudi.